Sera ya uwekezaji ya familia katika ukurasa mmoja

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mombasa, nina miaka 42, na mke wangu ni muuguzi. Tuna 1,200,000 katika SACCO. Nje ya hapo tuna 800,000 katika mfuko wa soko la fedha, 1,200,000 katika hatifungani za serikali za riba ya asilimia 12.5 zitakazoiva baada ya miaka minane, na hisa za 800,000, ambazo 460,000 kati yake ni za benki moja. Tunatumia kama 100,000 kwa mwezi na kuweka akiba 20,000. Kifungua mimba wetu ataingia chuo kikuu baada ya miaka sita. Mwaka 2021 tulinunua Safaricom kwa shilingi 40, tukaziuza 2023 kwa 14 baada ya usiku mzima wa kugombana. Tumeshauriwa tuandike sera ya uwekezaji ya ukurasa mmoja. Tuandike nini, na tukitofautiana nani asikilizwe?

Jibu: Mwalimu, nitaanza na swali lako la mwisho. Mkitofautiana, anayesikilizwa ni karatasi. Usiku ule wa 2023 kila mmoja wenu alikuwa na hoja, na hapakuwa na kitu ambacho nyote wawili mlikuwa mmekikubali siku ya utulivu. Mifuko ya pensheni hapa Kenya hutakiwa na sheria kuwa na sera ya uwekezaji iliyoandikwa, kwa sababu wadhamini wanaokaa mezani nao ni binadamu, na bei zikiporomoka huingiwa na hofu ileile iliyowaingia ninyi. Kwa familia, karatasi hiyo iwe fupi kiasi cha kusomwa yote kwa dakika tatu na mtu aliyekasirika. Ikizidi ukurasa mmoja, haitasomwa siku inapohitajika.

Kabla ya kuandika lolote, amueni ni fedha zipi sera inazitawala. Watu wengi hujumlisha kila walicho nacho kisha wakajiona wana nguvu kuliko ilivyo. Akiba yenu ya SACCO iwekeni kando ya hesabu hii. Ni mali yenu, lakini ndiyo dhamana ya mikopo yenu na ya wale mliowadhamini, na kwa kawaida hurudishwa tu mtu anapojitoa uanachama, baada ya notisi. Fedha ambayo huwezi kuihamisha ndani ya wiki moja haiwezi kusawazishwa na kitu kingine, yaani kuhamishiwa upande uliopungua. Akiba ya dharura nayo itoeni. Matumizi ya miezi sita ni 600,000, na yakae ndani ya mfuko wa soko la fedha yakiwa na jina lake. Sehemu yake ningeiweka katika akaunti ya benki, kwa sababu fedha za mfuko wa soko la fedha si amana za benki na haziguswi na bima ya amana, ambayo hulinda hadi shilingi 500,000 za kila mteja katika kila benki.

Kinachobaki ndicho sera inachokitawala: 200,000 za soko la fedha, 1,200,000 za hatifungani na 800,000 za hisa, jumla 2,200,000. Mkigawanya mtaona kwamba hisa ni zaidi kidogo ya asilimia 36 ya fedha hizi, wakati katika swali lako zinaonekana kama sehemu ndogo tu ya mali yote.

Sasa malengo. Lengo la kweli lina kiasi na tarehe, na kiasi hicho huandikwa kwa bei za leo kisha kikapelekwa mbele. Tuseme chuo kitawagharimu 225,000 kwa mwaka kwa bei za leo, karo na malazi pamoja, kwa miaka minne. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, kiwango kilicho juu kidogo ya katikati ya shabaha ya Benki Kuu ya asilimia 2.5 hadi 7.5, mwaka wa kwanza wa chuo utadai kama 319,000 na wa pili kama 338,000. Hapo kuna kasoro ambayo pengine hamjaiona: hatifungani zenu zitaiva baada ya miaka minane, na mtoto anaingia chuo baada ya sita. Karo ya miaka miwili ya mwanzo haina mahali pa kutoka isipokuwa riba, akiba mpya, au kuziuza hatifungani hizo kabla ya wakati wake.

Kuziuza mapema ni jambo la kukwepa, na mwaka 2024 ulitufundisha kwa nini. Februari mwaka huo serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46. Mwenye hatifungani ya asilimia 12.5 akitaka kuiuza wakati soko linadai asilimia 18, hapati mnunuzi mpaka ashushe bei. Kwa hatifungani kama zenu, zenye miaka minane mbele, bei ingekuwa kama shilingi 77 kwa kila 100, yaani 1,200,000 zenu zingegeuka kama 925,000. Asiyeuza hapotezi kitu katika hali hiyo. Anaendelea kupokea riba yake na mwishoni anarudishiwa 100 yake yote. Kwa hiyo sera yenu iseme kwamba hatifungani huhesabiwa kwa thamani iliyoandikwa juu yake na hushikwa hadi ziive, na kwamba kila hatifungani mtakayoinunua kuanzia sasa iive kabla ya siku ya kuingia chuo hadi pengo la miaka miwili lizibike.

Lengo la kustaafu nitalipitia kwa haraka. Tuseme juu ya pensheni zenu mnataka 30,000 kwa mwezi kwa bei za leo mtakapofika miaka 60. Mkitenga 900,000 kwa ajili ya chuo, zinabaki 1,300,000. Fedha hizi zikizaa asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumko wa bei, na mkaendelea kuweka 240,000 kwa mwaka huku mkiziongeza kadiri bei zinavyopanda, baada ya miaka 18 mtakuwa na karibu 8,800,000 kwa bei za leo. Mkichota asilimia 4 ya hizo kila mwaka mtapata kama 29,000 kwa mwezi. Angalieni maana ya hesabu hii: mnahitaji asilimia 4 tu juu ya mfumko, na hatifungani za riba ya asilimia 12.5 hukaribia hapo zenyewe hata baada ya kodi wakati mfumko uko ndani ya shabaha. Hakuna lengo lenu hata moja linalowalazimisha kubeba hisa nyingi. Mnabeba asilimia 36 kwa sababu zilijikusanya.

Sasa tufike kwenye kikomo cha hatari, ambacho ndicho moyo wa karatasi. Vitabu na fomu za madalali humuuliza mtu kama yeye ni mwekezaji wa tahadhari, wa wastani au wa kuthubutu. Maneno hayo hayana uzito. Soko likipanda kila mtu ni wa kuthubutu. Fanyeni hivi badala yake: kila mmoja achukue kipande chake cha karatasi, aende chumba chake, aandike ni shilingi ngapi zikipotea machoni pake ndani ya mwaka mmoja hatataka kuuza. Ni shilingi, si asilimia, kwa sababu asilimia 15 haiumi lakini mishahara ya miezi mitatu inauma. Tuseme wewe umeandika 500,000 na mke wako ameandika 330,000. Kikomo cha familia ni 330,000. Msichukue wastani, kwa maana anayeumia mapema ndiye atakayewaamsha usiku, na mkimpuuza katika karatasi atajitetea siku ya kuporomoka.

Kutoka hapo hesabu ni fupi. Chukulieni kwamba hisa zinaweza kupoteza nusu ya thamani. Hilo si la kubuni: faharasa ya NSE 20, kipimo cha bei za hisa za kampuni 20 katika Soko la Hisa la Nairobi, ilikuwa imepita 6,000 Januari 2007, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 2,500. Ikiwa hasara mnayoivumilia ni 330,000 na hisa zinaweza kukatika nusu, basi hamwezi kubeba hisa za zaidi ya 660,000, ambayo ni asilimia 30 ya 2,200,000. Wengi hukosea hapa kwa kuifanya asilimia 30 hiyo kuwa shabaha. Hiyo ni dari. Mkikaa darini, hisa zikipanda kidogo tu mmeshavuka kikomo chenu wenyewe. Shabaha iwe asilimia 25, na hisa ziruhusiwe kutembea kati ya 20 na 30. Hatifungani zipewe shabaha ya 60, na soko la fedha 15, lisishuke chini ya 10.

Kikomo cha pili ni cha kampuni moja, nacho hakisamehe. Bei ya soko lote ikianguka, mna matumaini kwamba kampuni nyingi zitaendelea kufanya kazi. Kampuni moja ikianguka, huenda msipate hata pa kuuzia. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa sokoni Julai 2020 na hazikurudi hadi Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye hisa hizo hakuweza kuziuza sokoni hata kama ana mgonjwa hospitalini. Kampuni moja isizidi asilimia 10 ya fedha za sera. Kwenu hiyo ni 220,000, na benki yenu moja imeshafika 460,000.

Kwa hiyo kusawazisha kwenu kwa mara ya kwanza kunajiandika kwenyewe. Uzeni hisa za 250,000, zote kutoka ile benki moja, zibaki 210,000. Kamisheni na ada huchukua karibu asilimia 2, yaani kama 5,000, na mtabaki na 245,000. Kwa kuwa hatifungani hununuliwa kuanzia 50,000 na kwa mafungu ya 50,000, chukueni 100,000 mnunue zile zitakazoiva ndani ya miaka mitano au sita, na 145,000 zilizobaki ziende soko la fedha. Mtakuwa na hisa 550,000, hatifungani 1,300,000 na soko la fedha 345,000, jumla 2,195,000. Hisa zimekaa asilimia 25, hatifungani 59, soko la fedha karibu 16. Hapo pametosha, msihangaike kutafuta asilimia 60 kamili.

Baada ya hapo, kanuni za kusawazisha ziwe chache. Mnahesabu mara mbili kwa mwaka, Februari, ambayo ndiyo hesabu kuu, na Agosti, siku mliyoitaja kwa jina, na mkiwa ndani ya mipaka hamfanyi kitu chochote. Naikazia sentensi hiyo kwa sababu ndiyo ngumu kuifuata. Mtu akishafungua daftari na kupiga hesabu, mkono humwasha. Mkiwa nje ya mipaka, mnaanza kurekebisha kwa fedha mpya, yaani zile 20,000 za kila mwezi pamoja na riba ya hatifungani, ambayo kwenu ni kama 81,000 kila miezi sita kabla ya kodi ikiwa zile mpya nazo zina riba ya asilimia 12.5. Fedha mpya haina kamisheni ya kuuza. Mnauza tu pale ambapo fedha mpya ya miezi sita haitoshi kuwarudisha ndani, na mkiuza mnarudi hadi kwenye shabaha, si ukingoni, ili msiuze tena baada ya wiki tatu.

Sasa siku ya kuporomoka, ambayo ndiyo iliyowaleta kwangu. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, ikaanza kununuliwa na kuuzwa sokoni Juni, na kufikia mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Agosti 2021 ilikaribia 45. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imeporomoka hadi kati ya 12 na 14, na mwaka 2025 ikapita 25 tena. Katika muda huo wote wa kuanguka, kampuni ilipata faida na kutoa gawio. Kilichobadilika ni kwamba wawekezaji wa nje walikuwa wanaondoka, dola ilikuwa adimu, uwekezaji wa Ethiopia ulikuwa unakula fedha, na hatifungani za serikali zilikuwa zinalipa riba ambayo hisa zisingeweza kushindana nayo. Kosa lenu halikuwa kuuza kwa 14 peke yake. Kosa lilianza 2021 mliponunua bila kujua mko tayari kupoteza kiasi gani, na 14 ilikuwa ni hesabu iliyokuja kulipwa.

Hata hivyo siwaahidi kwamba hisa hurudi. Faharasa ile niliyoitaja haikurudi 6,000 hata baada ya miaka 15. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba soko likianguka mtu anunue kwa nguvu zote. Mnunue, lakini kwa kipimo, na mlango wa kufunga uwe umeshaandikwa. Tuufuate mfano wenu. Tuseme hisa zinaanguka kwa asilimia 40. Zile 550,000 zinakuwa 330,000, jumla yenu inashuka hadi 1,975,000, na hisa zinakuwa karibu asilimia 17, chini ya mpaka wa 20. Kurudi asilimia 25 kunataka hisa za 494,000, yaani mnunue za 164,000. Mnanunua nusu, 82,000, siku ya hesabu, kutoka soko la fedha, ambalo linabaki na 263,000. Nusu ya pili inasubiri siku ya hesabu inayofuata, na kufikia hapo akiba ya miezi sita imeingiza 120,000 na riba imeongeza nyingine, kwa hiyo hamjakausha kisima.

Mlango wa kufunga ni ule ule 330,000. Katika mfano huu mmeshapoteza 220,000 na mna nafasi ya 110,000. Hasara ikigusa 330,000 tangu hesabu kuu ya mwaka, hamnunui hisa tena hadi hesabu kuu ijayo, na pia hamuuzi. Mnakaa. Watu huona jambo hili kuwa la ajabu, kwamba kikomo cha hasara kisiwe amri ya kuuza. Lakini kikomo chenu kimeshafanya kazi yake siku mlipopanga kiasi cha hisa. Kukigeuza kuwa amri ya kuuza ni kujihakikishia kwamba mtauza katika bei ya chini kabisa, kama mlivyofanya.

Soko likiwa limeporomoka, kuuza kuruhusiwe kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni lengo lililoandikwa kufika wakati wake. Ya pili ni kampuni yenyewe kuharibika, na hili lina dalili zinazosomeka: hesabu za mwaka zimepita muda wake bila kutolewa, mkaguzi amekataa kuzithibitisha au ametilia shaka uwezo wa kampuni kuendelea, au msimamizi wa sekta ameichukua chini ya uangalizi wake. Bei kushuka haimo katika orodha hiyo, na habari ya kundi la WhatsApp haimo. Mkiona mojawapo ya dalili hizo, uzeni kesho yake bila kungoja Agosti.

Kuna aina nyingine ya hofu ambayo sera nyingi husahau kuitaja, nayo ni kukimbilia dola. Januari 2024 shilingi ilifika karibu 160 kwa dola moja, watu wakiogopa mkopo wa dola bilioni 2 wa Eurobondi uliokuwa unaiva Juni. Februari serikali ikapata mkopo mpya na kuanza kuulipa ule wa zamani, na ndani ya wiki chache dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Nawajua walionunua dola kwa 160 kwa akiba ya karo. Kama mna matumizi ya dola, shikeni dola wakati wote. Kama hamna, karatasi iseme kwamba hamnunui kwa hofu.

Kifungu cha kutokopa ili kununua hisa sitakieleza sana. Mwaka 2008 nilikopa katika SACCO yangu kununua hisa zilizokuwa zinasifiwa na kila mtu, zikashuka kabla sijamaliza hata nusu ya marejesho, na kwa miaka miwili nilikuwa nalipa kila mwezi kitu ambacho bei yake nilikuwa naogopa kuitazama. Kwa hiyo kimo katika karatasi yenu, mkipenda msipende.

Ukurasa wenyewe ungesomeka hivi. Unakiliwe kwa mkono, kwa mwandiko wa mmoja wenu, kisha wote wawili mtie sahihi.

> Sera ya uwekezaji ya familia yetu
>
> Sera hii inatawala fedha zetu zilizo katika hisa, hatifungani na mfuko wa soko la fedha. Haigusi akiba ya SACCO wala akiba ya dharura ya 600,000, ambayo haitumiki kununulia hisa kwa hali yoyote.
>
> Malengo yetu ni mawili. La kwanza ni chuo kikuu cha kifungua mimba kuanzia mwaka wa sita tangu leo, 225,000 kwa mwaka kwa miaka minne kwa bei za leo. La pili ni nyongeza ya pensheni ya 30,000 kwa mwezi kwa bei za leo tukifika miaka 60. Fedha itakayohitajika ndani ya miaka mitatu haikai katika hisa. Tunaweka 20,000 kila mwezi na kuiongeza kila mshahara unapoongezwa.
>
> Hasara tunayokubali kuiona ndani ya mwaka mmoja bila kuuza ni 330,000. Kwa hiyo hisa zina shabaha ya asilimia 25 na haziendi chini ya 20 wala juu ya 30. Hatifungani zina shabaha ya 60, na tunazihesabu kwa thamani iliyoandikwa na kuzishika hadi ziive. Kila mpya iive kabla ya siku ya kuingia chuo hadi pengo la karo la miaka miwili lizibike. Soko la fedha lina shabaha ya 15 na halishuki chini ya 10. Hakuna kampuni moja inayozidi asilimia 10 ya jumla.
>
> Tunahesabu Jumamosi ya kwanza ya Februari, ambayo ndiyo hesabu kuu, na Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Tukiwa ndani ya mipaka hatufanyi kitu. Tukiwa nje tunatumia kwanza akiba mpya na riba. Zisipotosha kwa miezi sita, tunauza na kurudi kwenye shabaha.
>
> Soko likiporomoka, hatuuzi wala hatununui nje ya siku za hesabu. Hisa zikiwa chini ya asilimia 20, tunanunua nusu ya upungufu siku ya hesabu na nusu nyingine siku inayofuata. Hasara ikifika 330,000 tangu hesabu kuu, tunaacha kununua na hatuuzi. Tunauza tu kwa lengo lililoandikwa hapa, au, bila kungoja siku ya hesabu, kwa hesabu za kampuni kuchelewa kupita muda, mkaguzi kukataa au kutilia shaka, au kampuni kuwekwa chini ya msimamizi. Hatununui dola kwa hofu. Hatukopi kununua hisa.
>
> Kila amri ya kuuza au kununua ina sahihi zetu mbili na sababu yake kwa sentensi moja, imeandikwa nyuma ya karatasi hii. Tukitofautiana, hatufanyi. Sera hii inabadilishwa siku ya hesabu kuu tu, na mabadiliko yanaanza kufanya kazi baada ya siku 90. Kikomo cha hasara na asilimia zake tunavihesabu upya siku hiyohiyo, kila mmoja akiandika namba yake chumbani kwake kwanza.
>
> Sahihi mbili, na tarehe.